Meseji za usiku zilikuwa zangu, siyo za wateja

Leo nataka tuongee kuhusu meseji za kazi zinazoingia baada ya muda wa kazi. Nitaeleza jinsi nilivyokaribia kumpoteza msichana wangu wa oda, nilivyogundua tatizo lilikuwa wapi, na mpangilio tunaoutumia sasa hivi. Duka langu ni la mikoba na viatu vya kike, nauza onlaini hapa Dar na kutuma mikoani. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa oda (siyo ndugu wa damu, ila namwita hivyo) na dogo wa kupaki. Kaka wa boda tunamlipa kwa safari.

Siku moja asubuhi naangalia mauzo ya jana yake, nakuta mkoba mkubwa umeuzwa 38,000. Bei yake ni 58,000, na mimi mwenyewe nimeununua 44,000. Mteja yuko Dodoma, ameshalipa kwa lipa namba, na meseji ya kukubaliana bei imetumwa saa 5:40 usiku. 38,000 ni bei ya mkoba mdogo wa muundo uleule. Nikamuuliza mdogo wangu kwa ukali kidogo, kiukweli. Akaangalia simu, akasoma, akasema, "Dada, sikumbuki hata kama nilimjibu huyu mtu."

Mzigo tuliutuma kwa bei ileile maana kosa lilikuwa letu, siyo la mteja. Nikapata hasara ya 6,000 na nikadhani yameisha. Jioni yake akanifuata. "Dada, naomba mwisho wa mwezi nipumzike kazi." Nikajua anataka hela zaidi, nikaanza kumwambia tunaweza kuongea. Akanikatiza. "Siyo hela dada. Simu ikilia usiku moyo unashtuka. Hata mama akipiga nashtuka, nahisi ni kazi."

Nikalaumu wateja. Nikasema wateja wa siku hizi hawana subira, wanataka ujibiwe saa hiyohiyo. Yeye akanyamaza tu. Kile kimya ndiyo kilinifanya nikae chini nihesabu.

Hesabu kabla ya kuweka sheria yoyote

Hii ndiyo hatua ya kwanza, na usiiruke. Nilichukua usiku 7 uliopita, kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 3 asubuhi, nikapitia sehemu mbili: grupu letu la kazi, na simu ya biashara ambako wateja wanaandika. Daftari na kalamu tu, ilinichukua kama saa moja na nusu.

Kwenye grupu kulikuwa na meseji 94. Zangu mimi 61. Za mdogo wangu 19, za dogo 14, na karibu zote zilikuwa zinanijibu mimi. "Kesho usisahau yule wa Tabata." "Hivi viatu vyeusi vimebaki vingapi?" "Oneni mzigo mpya huu." Nilikuwa nikikumbuka kitu naandika papo hapo nisije nikasahau, halafu nalala zangu. Wao wanaamka, wanajibu, maana bosi ameandika. Katika zile 61 nilitafuta ambazo zilikuwa lazima zifanyiwe kazi kabla ya asubuhi. Nikapata mbili.

Kwa wateja nilikuta watu 52 walioandika usiku kwa hizo siku 7. Nikawagawa kwa walichotaka. Walioulizia bei, rangi au saizi walikuwa 33. Walioulizia duka liko wapi au usafiri shilingi ngapi, 11. Walioulizia "mzigo wangu umefika wapi", 5. Waliotuma hela ikaleta utata, 2. Na mmoja alitaka mzigo wake ubadilishwe mkoa wa kushushwa, na gari lilikuwa linaondoka alfajiri.

Sasa angalia vizuri hizo namba. Wale 33 na wale 11, jumla 44, hakuna aliyekuwa na dharura. Wengi wamejilaza kitandani wanapitia picha. Wale 5 wa "mzigo umefika wapi" tuliwasababisha wenyewe, kwa sababu mchana tulikabidhi mzigo na hatukuwaambia kitu. Wanaobaki ni 3. Yaani kwa wiki nzima watu watatu ndiyo walihitaji binadamu aamke. Kwa ajili ya hao watatu nilikuwa nimemfanya mtoto wa watu ashindwe kulala siku saba.

Ukihesabu kwako namba zitakuwa tofauti, ila gawanya hivyohivyo: zilizoanzishwa na wewe, zinazoweza kusubiri, ulizozisababisha kwa kutotoa taarifa, na za kweli. Kila kundi lina dawa yake. Ukiweka sheria moja tu ya "hakuna kujibu usiku", lile kundi la mwisho litakuumiza, na ndani ya wiki mbili utairudisha simu kitandani.

Saa za kazi zigawane, zisirefushwe

Zamani wote wawili walikuwa wanaingia saa 3 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Wateja wangu wanaanza kuandika kwa wingi saa 11 hiyohiyo, wakiwa kwenye daladala wanarudi nyumbani. Kwa hiyo duka linafunga wakati ule ambao wateja wanaamka, na meseji zote zinahamia nyumbani kwa mdogo wangu.

Nilichofanya siyo kuajiri mtu. Mdogo wangu anaingia saa 3 asubuhi anatoka saa 11 jioni. Dogo anaingia saa 5 asubuhi anatoka saa 1 usiku, na nimemfundisha kujibu oda. Kila mmoja ana saa moja ya chakula, kwa hiyo anafanya kazi saa 7 kwa siku, siku 6, jumla saa 42 kwa wiki. Duka linajibu kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 1 usiku bila mtu kuongeza hata dakika.

Hapa niseme kidogo kuhusu sheria, maana mimi nilikuwa sijui kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukimwongezea mtu saa, unalipa mara moja na nusu. Na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena anatakiwa apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika, na saa 24 mfululizo kila wiki. Sasa chukua ile saa 5:40 usiku aliyomjibu mteja wa Dodoma. Mpaka saa 3 asubuhi ni saa 9 na dakika 20. Yaani meseji moja ile ilivunja mapumziko yake ya kisheria, na mimi nilikuwa naiita "kujibu tu fasta".

Simu ya biashara ilale dukani

Namba ya biashara ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu, ileile anayoongea na mama yake. Kwa mpangilio huo huwezi kuweka mpaka wowote. Hata ukimwambia usijibu, ataiona, na akishaiona imeshaingia kichwani.

Nilinunua simu ndogo iliyotumika, nikaweka laini ya biashara na WhatsApp Business humo. Inalala dukani kwenye kabati yenye kufuli, iko kwenye chaji, sauti imezimwa. Ila data inabaki imewashwa, na hii nitaeleza sababu yake sasa hivi. Kisha nikaingia kwenye sehemu inayoitwa Linked devices nikatoa simu yake binafsi, maana ilikuwa imeunganishwa pale na bado ingeendelea kupokea meseji zote nyumbani. Watu wengi wanasahau hapa. Wananunua simu ya duka, lakini simu ya mfanyakazi bado imeunganishwa, wanashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Jibu la usiku linalojitegemea

Kwa wale 44 wasio na dharura, tunatumia jibu linalojituma lenyewe. Kwenye WhatsApp Business ingia Business tools, halafu Away message. Washa, andika ujumbe wako. Kwenye Schedule chagua Outside of business hours, lakini lazima kwanza uwe umejaza saa zako za kazi kwenye wasifu wa biashara. Kwenye Recipients mimi nimechagua Everyone except… kisha nikawaondoa watu wa nyumbani na kaka wa boda. Usichague Everyone not in address book kama una kawaida ya kuseva namba za wateja ili waone stetasi zako, kwa sababu wateja wako wote wa zamani hawatapata hilo jibu.

Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi karibuni." Haukusaidia kitu. "Hivi karibuni" ni lini? Mteja akaendelea kuandika "?" na "upo?" mpaka asubuhi. Tukaubadilisha, sasa unasomeka hivi:

"Habari, karibu sana. Muda huu tumefunga. Tunajibu kuanzia saa 3 asubuhi, na wewe utajibiwa kabla ya saa 4. Bei na picha zote ziko kwenye katalogi hapa juu ya hii namba. Usafiri Dar ni 3,000 mpaka 6,000 kulingana na eneo, mikoani kuanzia 7,000. Ukituma picha ya unachotaka, saizi, na mahali ulipo, asubuhi tunaanza na wewe."

Ona kilichomo. Umempa saa kamili, umemjibu maswali mawili anayouliza kila mtu, na umempa kazi ndogo ya kufanya. Mteja akishatuma picha, saizi na eneo, asubuhi mdogo wangu anamjibu kwa meseji moja badala ya sita.

Ila ukiahidi kabla ya saa 4, basi ni kabla ya saa 4. Saa ya kwanza asubuhi haipaki mzigo, haipigi picha, inajibu tu, kuanzia aliyeandika mapema zaidi kwenda juu. Majibu yanayojirudia tumeyaweka kwenye Quick replies, unaandika alama ya / yanakuja. Sisi tunayo manane tu, na tuliyatoa kwenye lile daftari la kuhesabu.

Na wale 5 wa "mzigo umefika wapi"? Dawa yao ni saa 12 na nusu jioni. Kabla hajafunga, dogo anapitia kila mzigo uliotoka siku hiyo na anamwandikia mwenyewe: umetoka na nani, uko wapi, utafika lini. Kwa ya mikoani anatuma na picha ya risiti ya basi. Inamchukua kama dakika 20. Mteja anayejua mzigo wake umelala wapi na yeye analala.

Dharura inapigiwa, haiandikwi

Sasa wale watatu. Tulikubaliana dharura ni vitu vitatu tu, tukaviandika kwenye karatasi ukutani. Moja, hela imetumwa na kuna utata, mfano imekwenda namba isiyo yetu. Mbili, mzigo uko njiani na kuna tatizo, boda hampati mteja au gari limeharibika. Tatu, mzigo unaoondoka alfajiri kwenye stendi ya Magufuli unatakiwa kubadilishwa au kuzuiwa. Kingine chochote kinasubiri saa 3, hata kama mteja ameandika kwa herufi kubwa.

Dharura haiji kwa meseji. Inakuja kwa kupigiwa simu, kwenye laini nyingine ya kitochi. Kwa nini kupiga? Kwa sababu mtu akijua dharura inaweza kuja kwa meseji, atachungulia meseji zote usiku kucha akitafuta hiyo moja. Akijua dharura italia, anaweza kulala. Kwangu mimi hili ndilo lililofanya kazi kuliko mengine yote.

Kitochi kinazunguka. Mdogo wangu usiku mbili kwa wiki, dogo usiku mbili, mimi usiku tatu, maana duka ni langu. Anayelala nacho analipwa 3,000 kwa usiku hata kisipolia, kwa sababu hawezi kwenda mbali wala kuzima simu. Kikilia akafanya kazi, saa hizo zinaandikwa kwenye daftari na zinalipwa kama saa za ziada, na kwa kuwa ni usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, sheria inadai nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Kama simu imemkata usingizi vibaya, kesho yake anachelewa kuingia na mimi nashika nafasi yake.

Ile namba ya kitochi haiko kwenye ule ujumbe wa usiku. Mwanzo niliiweka. Usiku wa kwanza tu ikalia saa 4 na nusu, dada mmoja anauliza kama saizi 39 ipo. Tangu hapo inaandikwa kwenye risiti tu. Yaani anayeipata ni mtu aliyeshalipa au ambaye mzigo wake uko njiani, pamoja na kaka wa boda.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa yangu

Kumbuka meseji 61 kati ya 94. Ningeweka kitochi, katalogi na simu ya kabatini, halafu mimi niendelee kuandika kwenye grupu saa 4 usiku, ningekuwa sijafanya kitu. Na usidanganyike na maneno kama "siyo lazima ujibu sasa hivi". Niliyatumia wiki ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa anajibu vilevile, maana mfanyakazi akiona jina la bosi hawezi kujua kama kweli unamaanisha au unampima.

Kwa hiyo sheria iko kwangu: baada ya saa 1 usiku siandiki kwenye grupu. Nikikumbuka kitu najiandikia mwenyewe, kwenye WhatsApp kuna chati yako na namba yako, ukianza chati mpya utaona jina lako limeandikwa (You) na chini yake Message yourself. Naweka yote humo. Saa 3 asubuhi nayapanga nayatuma kwenye grupu kwa meseji moja yenye namba. Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba nikiyasoma asubuhi karibu nusu nayafuta. Mengine yameshafanyika, mengine yalikuwa wasiwasi wangu tu wa usiku.

Na kuna faini. Nikiandika kwenye grupu baada ya saa 1 bila dharura, nawanunulia chai na chapati kesho yake. Wiki ya kwanza nilinunua mara nne. Dogo alikuwa anafurahi kweli.

Yaliyotuharibikia

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Nilijaza saa za kazi haraka haraka, nikaandika kufungua 3:00 na kufunga 1:00, kama tunavyoongea. Simu haijui saa zetu. Kwake 3:00 AM ni saa 9 usiku. Matokeo yake wateja wa saa 9 alasiri wanaambiwa tumefunga wakati tumekaa dukani tunaangaliana. Saa 3 asubuhi ni 9:00 AM, saa 1 usiku ni 7:00 PM. Ukimaliza kujaza, jipime: tumia namba nyingine ujiandikie saa 2 usiku uone kama jibu linakuja, kisha ujiandikie mchana uone kama haliji.

Kosa la pili, bando. Hilo jibu linatoka tu kama simu ina intaneti muda huo. Tulikuwa tunaweka bando la siku, linakata usiku, meseji za wateja zinabaki tiki moja na hakuna jibu. Tumehamia bando la wiki, na kila Jumatatu dogo analiangalia. Dalili yake ni rahisi: ukifungua simu asubuhi na meseji zote za usiku zinaingia kwa mpigo, ujue ilikuwa haina data.

La tatu, kuna wateja tuliwapoteza, sitawadanganya. Kwa wiki sita wawili walinijibu asubuhi, "Nimeshapata kwingine." Iliniuma. Lakini nilirudia ile hesabu ya usiku 7. Mara ya kwanza, katika wale 52 walioandika usiku, walionunua walikuwa 9. Mara ya pili walioandika walikuwa 49, wakanunua 10. Ni duka moja na wiki moja, usichukue kama kanuni. Ila kwangu ilitosha kuniambia kwamba kujibu saa 5 usiku hakukuwa kunaniletea mauzo niliyokuwa nadhani. Kwenye grupu meseji za usiku zilishuka kutoka 94 mpaka 6. Kitochi kililia mara 4, zote za kweli.

Kama unauza chakula cha usiku au keki za oda za asubuhi, mpangilio huu hautakufaa ulivyo. Muda wako wa kazi ndiyo huo usiku, basi weka zamu ya usiku inayojulikana na mtu anayelala mchana, usichukue mtu wa mchana ukamnyoosha mpaka usiku. Hata sisi wiki ya mwisho kabla ya Idi tunajibu mpaka saa 4 usiku. Ila tunatangaza siku saba kabla, wote wanaingia saa 7 mchana, saa zinazozidi zinalipwa, na Idi ikipita tunarudi kwenye saa zetu siku hiyohiyo. Ukiacha ziendelee "kidogo tu", hazirudi tena.

Mwisho wa mwezi ule nilimuuliza mdogo wangu, maana hakuwa amesema tena habari ya kuondoka na mimi nilikuwa naogopa kumkumbusha. Alikuwa anapaki viatu, hata hakuinua kichwa.

"Nipo dada. Jana nimelala saa 3, mama akashangaa akadhani naumwa."

Wewe anza na daftari. Usiku 7, saa moja na nusu ya kuhesabu. Kabla hujawalaumu wateja, angalia kwanza meseji ngapi zina jina lako.